Nani aliulizwa? Siagi ya karanga na ripoti ya soko Dodoma

Katika maandiko ya biashara yanayopelekwa benki, au halmashauri kwa ajili ya mikopo ya asilimia 10, kuna sentensi inayojirudia karibu neno kwa neno: "Utafiti umeonesha kuwa asilimia 70 ya wakazi wako tayari kununua bidhaa yetu." Afisa mikopo huisoma, huipigia tiki, huendelea na ukurasa wa pili. Mwenye biashara naye huiamini, ingawa ni yeye aliyeiandika. Miezi minane baadaye mashine imenunuliwa, chumba kimelipiwa kodi, na makopo yamejaa kwenye shelfu za nyumbani.

Sentensi hiyo huenda si ya uongo. Watu waliulizwa kweli, na wengi walisema ndiyo. Tatizo ni kwamba haituambii waliulizwa akina nani, walipatikanaje, ni wangapi hawakupatikana, waliulizwa swali gani, na lini. Ripoti ya soko bila majibu hayo haiwezi kupimwa na mtu mwingine, na jambo lisilopimika halifai kuchukuliwa mkopo.

Nataka kuonesha hesabu hiyo inavyofanyika kwa bidhaa moja na mji mmoja: siagi ya karanga, Dodoma. Kikundi ninachokitumia ni cha mfano, wanawake watano wenye kijiofisi cha kusindika, na namba zake za utafiti nimeziweka mimi ili hesabu ifuatike. Mazingira yanayokizunguka ni yale anayokutana nayo msindikaji yeyote mdogo wa jiji hilo: karanga za mkoa wenyewe, wafanyakazi wa serikali waliohamia, wapangaji wengi, na maduka madogo kila kona.

Jambo la kwanza ni kupunguza soko mpaka liwe na ukubwa unaofikika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Ni namba ya kuvutia, na ndiyo inayowekwa juu ya ukurasa wa kwanza wa maandiko mengi. Lakini jiji lina kata 41, zingine ni za mashamba matupu, na kikundi cha watu watano wenye pikipiki moja hakiuzi jiji zima. Kitauza kata tatu zinazopakana. Idadi ya kaya kwa kila kata imo katika ripoti za sensa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, hivyo hakuna haja ya kukisia. Tuseme kata hizo tatu zina kaya 12,000 kwa pamoja. Kuanzia hapa, hiyo ndiyo namba ya soko, na kila asilimia itakayopatikana itazidishwa kwa 12,000 badala ya watu 765,179.

Kisha inakuja kazi ya kuchagua wa kuulizwa. Njia rahisi, na ndiyo inayotumika mno, ni kwenda Soko la Majengo asubuhi na kuuliza wanaopita, au kutuma maswali kwenye makundi ya simu ya kanisani, ya msikitini na ya kikoba. Wanaojibu huko ni watu waliokwisha kutoka nyumbani na pesa mkononi, au ndugu na marafiki wanaokutakia mema. Hata ukiwauliza watu 500 wa aina hiyo, kasoro haipungui. Wingi wa watu hauondoi upendeleo uliomo katika njia ya kuwapata, na watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanakupa picha ya kweli zaidi kuliko 1,000 waliojitokeza wenyewe.

Kikundi chetu kinafanya hivi. Kinapeleka barua kwa watendaji wa kata na kupata orodha ya mitaa yote ya kata hizo tatu. Mitaa 12 inachaguliwa kwa kura, ule wenye kaya nyingi ukipewa nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa na kura. Katika kila mtaa zinachaguliwa kaya 10, na jumla inakuwa kaya 120. Mhoji anapewa mahali pa kuanzia na idadi ya milango ya kuruka kabla ya kubisha hodi tena, ili asichague mwenyewe nyumba yenye kivuli au mlango ambao mama mwenye nyumba anatabasamu.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona katika ripoti nyingi, na linatokana na kuchanganya nyumba na kaya. Nyumba moja ya kupangisha huweza kuwa na vyumba sita na kaya sita, kila moja ikipika chakula chake. Mhoji akihesabu nyumba na kuuliza mtu mmoja kila nyumba, basi kwenye nyumba ya familia moja amechukua kaya yote, na kwenye nyumba ya wapangaji amechukua moja kati ya sita. Mara nyingi aliyejibu ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuja mlangoni. Ripoti inayotokana na hapo ina wenye nyumba wengi na wapangaji wachache, na wapangaji ndio wanaonunua chakula kwa vipimo vidogo vidogo kila siku. Dawa yake ni kuhesabu majiko: mhoji aulize kwanza ni kaya ngapi zinapika humo, ziandikwe zote, kisha kura ndogo iamue ni ipi ya kuhojiwa.

Kosa la pili liko kwenye mageti. Mitaa ya watumishi ina nyumba za uzio, mlinzi getini, na wenyewe wako kazini mpaka jioni. Mhoji anayelipwa kwa dodoso atabisha mara moja, ataambiwa "hawapo," na atahamia nyumba ya jirani isiyo na geti. Mwisho wa siku ana madodoso yake 10, na kwenye karatasi kila kitu kinaonekana kimekamilika. Lakini kaya za kipato cha juu zimetoka kwenye sampuli kimyakimya. Ndiyo maana ripoti nzuri hutaja namba mbili: kaya zilizochaguliwa na kaya zilizojibu. Katika mfano wetu zilichaguliwa 120 na zikajibu 96, baada ya kurudiwa mara tatu, mojawapo ikiwa jioni au Jumamosi. Kati ya 24 zilizokosekana, 17 zilikuwa nyuma ya geti. Namba hiyo ya 17 inastahili kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu inatuambia ni upande gani wa soko ambao ripoti hii haiujui.

Swali linalozaa ndiyo

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Mgeni amekaribishwa, amepewa kigoda, ameamkia "shikamoo mama" na kuitikiwa. Ametoa kopo zuri lenye lebo na kueleza kwamba ni kazi ya kikundi cha akina mama wa kata hiyo hiyo. Kisha anauliza: "Je, mama, utanunua siagi hii kwa shilingi 5,000?" Katika malezi yetu, kumwambia mgeni kama huyo "hapana, sitanunua" ni utovu wa adabu. Mama anajibu, "Nitanunua mwanangu, kwa nini nisinunue?" Hakudanganya. Alikuwa akimtia moyo kijana. Kijana anaandika ndiyo.

Katika mfano wetu, kati ya kaya 96, kaya 67 zilijibu hivyo. Hiyo ndiyo asilimia 70 yetu ya mwanzo.

Dodoso lililopangwa vizuri linaliweka swali hilo mwisho kabisa, na majibu yake halitayafanyia hesabu. Linaanza na mambo yaliyokwisha kutendeka: mkate au chapati asubuhi ya leo mlikula na nini? Mara ya mwisho kununua siagi ya karanga ilikuwa lini? Wapi? Kopo la ukubwa gani? Lilibaki? Mtu anakumbuka ununuzi wa wiki mbili zilizopita vizuri zaidi kuliko anavyojua atakachofanya mwezi ujao. Kisha mhoji anaomba, kwa upole, kuliona kopo lenyewe. Kaya 23 zilisema zimenunua katika siku 30 zilizopita, na kaya 14 zilitoa kopo jikoni likaonekana. Tofauti kati ya 23 na 14 ina sababu nyingi, kopo lingine limeisha, lingine limefungiwa chumbani, na mengine hayakuwahi kuwapo. Lakini angalia tulivyoshuka: kutoka asilimia 70 ya wanaosema watanunua, mpaka asilimia 24 ya wanaosema wamenunua, mpaka asilimia 15 ya waliolionesha kopo.

Na bei nayo ina kanuni yake. Ukimuuliza mtu mmoja kama atanunua kwa 4,000 kisha kwa 5,500, ataelewa haraka kwamba mnapatana bei, na atajibu kama yuko sokoni. Afadhali madodoso yagawanywe nusu kwa nusu kabla ya kutoka ofisini: nusu ya kaya zitajiwe bei moja, nusu nyingine bei ya pili, kila kaya isikie moja tu. Bei zenyewe ziwe zimebeba gharama zote. Wasindikaji wengi huuliza soko kwa bei waliyopiga hesabu kabla ya kuchambua karanga, na hapo ndipo wanapojiumiza.

Nieleze hilo la kuchambua, maana ni uhai wa watu. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na fangasi wanaotengeneza sumukuvu, na mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka iliyochafuliwa. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na zisizidi 5 kwa ile aina kali zaidi inayoitwa B1. Kukaanga hakuimalizi. Kinachosaidia ni kununua karanga zilizokauka vizuri, kisha kukaa chini na kutoa kwa mkono zile zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye doa na zilizobadilika rangi. Ukishasaga, punje mbovu haionekani tena, na mteja hana namna ya kujilinda. Uchambuzi huo unakula kilo kadhaa katika kila gunia, na unakula siku nzima za watu. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na bila nembo ya ubora supamaketi haitapokea kopo lako. Hayo yote yamo ndani ya shilingi 5,000, ama sivyo bei uliyoulizia si bei utakayouzia.

Kutoka asilimia hadi kilo

Ripoti ya haraka ingefanya hesabu hivi: asilimia 70 ya kaya 12,000 ni kaya 8,400. Kila moja ikinunua kopo moja la gramu 400 kwa mwezi, ni kilo 3,360. Kwa kiasi hicho kikundi kingehitaji mashine kubwa, stoo na mkopo.

Hesabu ya uangalifu inaanza na asilimia 24, yaani walionunua kweli katika mwezi uliopita. Kwa kaya 12,000 ni kaya kama 2,875, na wengi walinunua kopo moja. Hilo ni soko lote la makopo katika kata tatu, likiwa pamoja na makopo ya viwanda vikubwa na yale yanayotoka nje ya nchi. Je, fungu la kikundi ni lipi? Dodoso haliwezi kujibu. Linajibiwa na duka.

Kwa hiyo kikundi kiliweka makopo yake katika maduka sita kwa wiki nne, na kila Jumamosi mmoja wao alikwenda kuhesabu. Alihesabu makopo yaliyotoka, ya kwao na ya wengine wote, yakawa 90, na 18 yalikuwa ya kwao: moja kati ya matano. Alihesabu kwa macho yake kwenye shelfu, kwa kuwa mwenye duka akiulizwa "inatoka?" atajibu "inatoka, dada, tunashukuru," kwa heshima ile ile ya mama na mgeni wake. Vumbi juu ya kifuniko na tarehe ya kuisha ndivyo vinavyojibu kwa usahihi. Tahadhari kubwa zaidi iko kwenye mali kauli. Duka likipokea makopo 30 kwa ahadi ya kulipa baadaye, msindikaji huandika 30 kwenye daftari la mauzo, moyo umefurahi. Hayajauzwa hayo. Yamehamishwa tu kutoka shelfu moja kwenda nyingine, na pesa ya karanga imelala humo.

Sehemu moja kati ya tano, basi, lakini ni kwenye maduka ambayo kopo lipo. Kikundi kilihesabu maduka yote ya kata hizo yanayouza siagi ya karanga, na kwa pikipiki yao wanaweza kuhudumia karibu nusu. Kwa hiyo: makopo 2,875, nusu yake, kisha moja ya tano. Yanabaki makopo 288 kwa mwezi, ambayo ni kilo 115.

Kutoka kilo 3,360 mpaka kilo 115. Watu ni wale wale, nyumba ni zile zile, siku ni ile ile.

Na hata hiyo 115 haipaswi kuandikwa peke yake, kwani imetokana na kaya 96 tu. Kama tungepiga kura upya na kupata kaya zingine 96, asilimia 24 ingekuwa nyingine. Kitabu cha takwimu kitatuambia kwamba kwa watu 96 waliochaguliwa mmoja mmoja, jibu la kweli linaweza kuwa juu au chini kwa pointi kama 8 au 9. Lakini wetu hawakuchaguliwa mmoja mmoja. Walichaguliwa kwa mafungu, mtaa kwa mtaa, na majirani hufanana: wanapata kipato cha namna moja, wananunua duka moja, wanaigana. Anayehoji majirani wanane hapati habari za watu wanane kamili. Ukikadiria mfanano huo kwa kiasi cha kawaida, majibu yetu 96 yana uzito wa watu kama 56, na pengo linapanuka kufikia pointi 11 kila upande. Ukweli unaweza kuwa asilimia 13, unaweza kuwa 35. Kwa makopo ya kikundi, hiyo ni kati ya 156 na 420 kwa mwezi.

Wengi hukasirika wanapoona pengo pana namna hiyo na kusema utafiti haukusaidia kitu. Umesaidia sana, ukiuweka kando ya hesabu ya gharama. Tuseme duka linanunua kopo kwa 4,200, na karanga, kopo, lebo, kukaanga na kusaga vinachukua 3,000. Inabaki 1,200. Kodi ya chumba, usafiri na mengine yasiyotegemea mauzo ni 400,000 kwa mwezi. Kikundi kinahitaji kuuza makopo 334 ili kisipate hasara. Kadirio la katikati, 288, haliifikii namba hiyo. Pengo lenyewe linaivuka, kwani 334 iko ndani ya 156 na 420. Hivyo ripoti inasema jambo lililo wazi: kwa njia hii ya kuuza, kwa kata hizi, hasara ina nafasi kubwa kuliko faida, na hakuna sababu ya kuchukua mkopo wa mashine leo.

Karanga za mboga

Kabla ya kuingia mitaani, kikundi kilijaribu dodoso katika kaya nane ambazo hazikuhesabiwa. Hatua hii hurukwa ili kuokoa siku mbili, na mara nyingi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Katika kaya ya tatu, mwanamke mmoja aliulizwa kuhusu siagi ya karanga, naye akauliza: "Mnazungumzia za mkate, au za kuweka kwenye mboga?"

Dodoso halikuwa na swali hilo. Karanga zilizotwangwa huungwa kwenye mboga za majani katika nyumba nyingi za Dodoma, iwe ni majani ya maboga, kisamvu au mchicha. Kwa mwenye jiko, hilo ndilo tumizi la kwanza la karanga, na mkate unafuata kwa mbali. Waandaaji walikuwa wametazama shelfu za supamaketi na kuona makopo, wakadhani hapo ndipo soko lilipo. Swali likaongezwa. Katika kaya 96, kaya 58 zilikuwa zimepika mboga kwa karanga katika siku saba zilizopita. Nyingi zilitwanga zenyewe au kupeleka mashineni, lakini 21 zilinunua zilizokwisha sagwa, gengeni au dukani, zikiwa zimefungwa kwenye vifuko vidogo visivyo na jina wala tarehe.

Linganisha. Kaya 23 zilinunua kopo mara moja kwa mwezi. Kaya 21 zilinunua kifuko mara moja au zaidi kwa wiki. Na waliokuwa na vifuko hivyo wengi walikuwa wapangaji, wale ambao wangepotea kabisa kama mhoji angehesabu nyumba badala ya majiko. Mhoji alikuwa na mizani ndogo ya jikoni, kwa kuwa kifuko cha gengeni hakina gramu, na bila kupima hutajua kwamba kifuko cha bei moja kwa mama huyu ni kidogo kwa robo kuliko cha mama yule.

Hapa pia kuna mipaka, na ninasisitiza isemwe. Swali hili liliingia baadaye, halikufanyiwa jaribio dukani, na hakuna anayejua kama mnunuzi wa kifuko cha gengeni atakubali kuongeza pesa kidogo kwa kifuko chenye lebo, tarehe na uhakika kwamba karanga zimechambuliwa. Anaweza kujali. Anaweza pia kuwa ameshamzoea mwuza genge wake, anayemkopesha mpaka mwisho wa mwezi, na mkopo huo ukawa na uzito kuliko lebo yoyote.

Ukurasa wa mipaka

Ukurasa huu huandikwa mwisho, kwa haraka, kwa maneno kama "muda haukutosha." Maneno hayo hayamsaidii msomaji. Kila mpaka unapaswa kusema mambo mawili: nini hakikuonekana, na kama kingeonekana namba ingepanda au ingeshuka.

Chukua majira. Kikundi chetu kilihoji mwezi Juni. Ni wakati wa karanga mpya, bei iko chini, na kaya zenye ndugu kijijini zina gunia ndani. Wanaotwanga wenyewe ni wengi kuliko watakavyokuwa Januari, kwa hiyo mahitaji ya vifuko yanaonekana madogo kuliko yalivyo kwa mwaka mzima. Juni hiyo hiyo ni mwezi wa mwisho wa Bunge la bajeti, linaloanza Aprili. Mji una wageni, nyumba za kulala zimejaa, maduka yanauza zaidi, na wanafunzi wa vyuo bado wako. Hilo linayainua mauzo ya makopo juu ya kawaida. Mipaka miwili ya mwezi mmoja, kila mmoja ukivuta upande wake.

Kupuuza majira si jambo geni katika mkoa huu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield kukagua ardhi ya kulima karanga Tanganyika na maeneo jirani. Walizunguka kwa wiki tisa na kupendekeza mashamba ya zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa, iliyo leo mkoani Dodoma, ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia bila kumbukumbu za mvua za miaka ya kutosha. Ukame ulipokuja na udongo ulipokauka ukawa mgumu, ikawa vigumu kuvuna karanga. Mradi ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36. Wenyeji walioishi Kongwa wangeweza kueleza habari za mvua hizo kwa miaka ambayo wakaguzi hawakuwapo.

Mipaka mingine ya kikundi chetu inasemeka kwa ufupi. Kaya 17 za getini hazikupatikana, na kwa kuwa kaya za namna hiyo ndizo zenye friji na mkate wa kila siku, asilimia 24 huenda iko chini ya ukweli. Maduka sita hayakuchaguliwa kwa kura, ila ni yale yaliyokubali, na duka linalokubali bidhaa mpya huenda linaiweka mahali panapoonekana. Kwa hiyo moja ya tano huenda iko juu ya ukweli. Wiki nne ni muda wa watu kuonja. Kati ya wateja 11 walioacha namba za simu, wanne tu walikuwa wamenunua tena baada ya wiki tano, na mmoja wa wasiorudi alieleza kwamba alikuta mafuta yamepanda juu ya kopo, akadhani imeharibika. Mafuta kujitenga ni kawaida ya siagi ya karanga isiyoongezwa kitu, na mstari mmoja kwenye lebo, "koroga kabla ya kutumia," ungeweza kumrudisha. Watu 11 hawatoshi kwa asilimia yoyote. Wanatosha kwa kubadilisha lebo.

Kutokana na ripoti hiyo, kikundi kiliacha wazo la kununua mashine. Kwa miezi mitatu kitalipia kusagiwa kwa kilo, kwenye mashine iliyooshwa kwanza na isiyosaga mahindi siku hiyo, na chumba cha kodi kitabadilishwa na kidogo zaidi, gharama zisizotegemea mauzo zishuke mpaka 250,000. Kwa gharama hiyo kinahitaji makopo 209 tu. Novemba, Bunge la bajeti likiwa limepita na karanga zimeanza kupanda bei, watahesabu tena shelfu za maduka, safari hii maduka 12 yaliyochaguliwa kwa kura, kopo katika sita na kifuko cha gramu 100 cha karanga za mboga katika sita mengine. Kwenye ripoti wameandika mapema, kabla ya kuona matokeo, kwamba kopo likitoka chini ya manne kwa duka kwa wiki nne wataliacha, na kwamba kwa kifuko watahesabu wanaorudi kununua mara ya tatu.